Moto wa Kupalia: alkemia ya ndani ya Watao kwa anayeanza

Wazee wetu shikamooni, na vijana hamjambo. Asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi kwa kuacha mpira wa leo jioni.

Nimeombwa nieleze alkemia ya ndani ya Watao, wafuasi wa dini ya Kitao ya China, jambo ambalo wenyewe Wachina wamelifunga ndani ya mafumbo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ukifungua maandishi yao utakutana na joka linalotoka motoni, simbamarara anayetoka majini, chungu, jiko, risasi, zebaki, mimba ya mtoto ambaye hana mama. Mgeni akisoma hivyo, ama anacheka, ama anaogopa. Mimi nilicheka. Nilikuwa mwanafunzi Beijing, na kitu cha kwanza nilichokiona cha alkemia hii kilikuwa picha, si maandishi.

Upande wa magharibi wa jiji lile kuna hekalu la Watao linaloitwa Baiyunguan, yaani Hekalu la Wingu Jeupe. Humo mna bamba la jiwe lililochongwa mwaka 1886, na nakala zake huuzwa kwenye karatasi. Ukilitazama haraka utadhani ni ramani ya kijiji cha milimani. Ukikaza macho unaona ni mtu aliyeketi, ametazama pembeni, na ndani ya mwili wake ndimo kijiji kilimo. Kichwa ni vilele vya milima. Uti wa mgongo ni mto. Tumboni kuna ng'ombe analima shamba. Kwenye figo kuna binti amekaa kwenye kitanda cha mfumi, anafuma. Kwenye moyo kuna mtoto wa kiume. Na chini kabisa, pale mgongo unapoishia, watoto wawili, wa kike na wa kiume, wanakanyaga gurudumu la maji, lile la kupandishia maji mashambani, na maji wanayoyakanyaga yanapanda juu, kuelekea milimani.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka, maana maji hayapandi mlima. Picha nzima imejengwa juu ya hilo: kitu ambacho kwa kawaida hushuka kinapandishwa, na wanaokipandisha ni watoto wawili wanaokanyaga polepole, bila haraka. Mkiielewa sehemu hiyo moja ya picha mtakuwa mmeelewa sehemu kubwa ya nitakayosema leo.

Kwanza, kwa nini waliita alkemia? Kwa sababu ilianza kama alkemia ya kweli, ya jikoni. Wachina wa kale walipika zinjifuri, ule unga mwekundu unaotoa zebaki, wakachanganya na risasi na vitu vingine, wakitafuta dawa ya kutokufa. Mnajua zebaki inamfanya nini mtu. Wafalme kadhaa wa nasaba ya Tang waliitumia dawa hiyo. Muzong alifariki mwaka 824, na Wuzong mwaka 846, wote wakiwa bado vijana, baada ya kunywa walichoambiwa kitawapa uhai mrefu. Sisemi kwamba ndiyo sababu pekee iliyowafanya watu wahamie njia nyingine, kwa kuwa mazoezi ya kukaa kimya yalikuwapo tangu zamani. Lakini polepole watu walianza kusema kwamba chungu kimo ndani ya mtu, jiko limo ndani ya mtu, na dawa ni mtu mwenyewe. Maneno ya jikoni yakabaki, vyombo vikabadilika. Zhang Boduan, aliyeandika mashairi yake mashuhuri mwaka 1075, anazungumzia risasi na zebaki kila ukurasa, na hana hata kijiko cha madini mkononi.

Kuna kisa kimoja ninachokipenda hapa. Mwaka 1222, Chingiz Khan, mtawala wa Wamongolia, akiwa vitani katika nchi ambayo leo ni Afghanistan, alikutana na mtawa wa Kitao ambaye yeye Khan alikuwa amemwita kutoka pwani ya Shandong, mashariki ya China. Mtawa huyo, Qiu Chuji, alikuwa amepita umri wa miaka 70, na safari ilimchukua kama miaka miwili. Khan alimuuliza moja kwa moja: umeniletea dawa gani ya kuishi milele? Mzee akajibu kwamba ziko njia za kuutunza uhai, ila dawa ya kutokufa haipo. Hebu fikirini, unaitwa na mtu wa aina ile, umesafiri miaka miwili, halafu unamwambia hivyo usoni. Khan alimheshimu kwa ukweli wake. Qiu Chuji amezikwa palepale Baiyunguan, hatua chache kutoka kwenye lile bamba.

Sasa tuingie ndani. Wanasema mtu ana hazina tatu: jing, chi na shen. Nitazieleza kwa kibatari, kwa kuwa wengi wetu hapa tumesomea kibatari.

Mafuta yaliyomo ndani ya kopo ni jing. Ni akiba ya mwili, ile uliyozaliwa nayo na ile unayoiongeza kwa chakula na usingizi. Watu wengine huifanya jing kuwa mbegu za uzazi tu. Mbegu ni sura moja ya jing, lakini jing yenyewe ni pana zaidi. Mtu aliyekesha wiki tatu, macho yamezama na magoti hayana nguvu, Mtao atasema jing yake imepungua, awe mwanamume au mwanamke. Mwali unaocheza juu ya utambi ni chi: mwendo, joto, pumzi, kile kinachofanya mwili uwe hai na usiwe nyama tu. Na mwanga unaojaa chumbani ni shen, yaani kule kuona, kujua, kuwa macho. Shen huonekana hasa machoni mwa mtu.

Wachina husema shen inakaa moyoni. Hapa Mswahili ana bahati kuliko wafasiri wengi. Neno lao la moyo ni kiungo kinachodunda kifuani na papo hapo ni mahali pa kufikiri. Sisi hatuhitaji maelezo: tunasema "nilisema moyoni," "aliweka moyoni," "amehifadhi kwa moyo." Kwa hiyo nikisema leo "tuliza moyo," chukueni maana zote mbili kwa pamoja.

Kwa kawaida kibatari hufanyaje? Mafuta huwaka, mwali hucheza, mwanga hutawanyika, kopo hubaki tupu. Tunazaa, tunafanya kazi, tunahangaika, tunakwisha. Watao hawailaumu hali hii; wanasema ndiyo njia ya kushuka na maji, na ndiyo iliyotuzaa sote. Lakini wana msemo kwamba kwenda na maji huzaa mtu, na kwenda kinyume chake huzaa asiyekufa. Alkemia ya ndani ni huko kwenda kinyume: jing isafishwe iwe chi, chi isafishwe iwe shen, na shen irudi kwenye utupu ilikotoka. Mchakato wote umetajwa kwa hesabu: siku 100 za kujenga msingi na kusafisha jing, miezi 10 ya kulea chi mpaka iwe shen, na miaka 9 ya mwisho. Miezi 10 ni mimba kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Miaka 9 ni kumbukumbu ya mtawa Bodhidharma, anayesimuliwa kuwa alikaa muda huo akiukabili ukuta. Hizi ni hesabu za mfano kuliko za kalenda. Mimi nitazungumzia siku 100 za kwanza tu, maana zaidi ya hapo ningekuwa nawasimulia mji ambao sijaufika.

Tukirudi jikoni, ndani ya mtu kuna maji na moto. Maji yako chini, kwenye figo na tumbo la chini. Moto uko juu, kwenye moyo na kichwa. Sasa niambieni, mama zangu: ukiweka jiko juu ya kabati na sufuria ya maji sakafuni, utapika nini? Hakuna kitakachoiva. Moto utaendelea kupanda juu, na maji yatavujia chini. Ndivyo tulivyo sisi siku nzima, kichwa kinawaka kwa mawazo na miguu imepoa, usiku tunalala hatulali. Kazi ya siku 100 ni kuushusha moto chini ya maji, basi. Moto ukikaa chini, maji yatatoa mvuke, na mvuke wenyewe utapanda bila kusukumwa. Mvuke huo ndio chi inayozaliwa kutoka kwa jing. Ndiyo maji yale ya kwenye picha, yanayopanda mlima.

Sasa moto ni nini hasa? Swali hili linawakwamisha wengi, na maandishi mengi ya zamani yamelifunika makusudi. Moto ni mazingatio yako. Pale unapoweka macho ya moyo, ndipo unapowasha. Pumzi ndiyo mvukuto, unaochochea au kutuliza. Na chungu ni sehemu iliyo chini ya kitovu, kiasi cha vidole vitatu au vinne kushuka, kisha ndani, si kwenye ngozi. Wanaiita dantian, maana yake shamba la zinjifuri. Sasa mnajua kwa nini yule ng'ombe analima pale.

Jinsi ya kukaa ni rahisi. Kaa kwenye kiti kigumu kiasi, nyayo zote zikanyage sakafu, au kaa chini ukikunja miguu kama umezoea. Mgongo uwe wima bila kukakamaa, kama mtu aliyebebeshwa ndoo kichwani na hataki imwagike. Mikono ipumzike mapajani au ipakatane chini ya kitovu. Ncha ya ulimi iguse kaakaa, nyuma ya meno ya juu. Wanapaita daraja, kwa sababu hapo ndipo njia ya mbele ya mwili inaunganishwa na ile ya mgongoni. Mate yatajaa; yameze taratibu, usiteme. Macho yafumbe karibu yote, uache mwanga kidogo kama mlango uliorudishwa. Pumua kwa pua. Halafu teremsha mazingatio tumboni. Dakika 15 alfajiri na 15 usiku zinatosha kwa mwezi wa kwanza, na usikae ukiwa umetoka kula wala ukiwa na njaa kali.

Mtu atauliza, kuna ugumu gani hapo? Ugumu uko kwenye kipimo cha moto, na Watao wanasema siri yote imejificha hapo.

Nitatumia wali. Ukibandika wali kuna moto wa aina mbili. Mwanzo unahitaji moto wa nguvu mpaka maji yachemke. Maji yakikauka unapunguza, unafunika, unaweka makaa juu ya kifuniko, unaupalia. Mwenye kuuacha moto mkali hadi mwisho atakula ukoko. Na mwenye kuupalia kabla maji hayajachemka atakula mchele. Watao nao wanataja moto wa kijeshi na moto wa kiungwana. Moto wa kijeshi ni mazingatio makini na pumzi unayoifuatilia, dakika chache za mwanzo, ili kuufukuza mtawanyiko wa mawazo. Pindi moyo unapotulia, unaachia. Hufuatilii pumzi tena, unajua tu kwamba ipo. Unabaki na mazingatio mepesi mno, kama mama anayepika huku akiongea na jirani: hatazami chungu, lakini kikitaka kufurika atajua. Huo ndio moto wa kupalia, na wengi wetu hatuufikii kwa sababu tunapenda kufunua kifuniko.

Mengzi, mwanafalsafa aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, ana kisa cha mkulima wa nchi ya Song aliyeona miche yake haikui. Akaingia shambani, akaivuta mmoja mmoja juu kidogo. Jioni akarudi nyumbani amechoka, akawaambia watu wake, leo nimeisaidia miche kukua. Mwanawe akakimbia shambani, akakuta yote imenyauka. Mengzi hakuwa Mtao, ila Watao walilichukua neno lake na kuliweka katikati ya mazoezi yao: usisahau, wala usisaidie. Ukisahau, umelala. Ukisaidia, umevuta mche.

Mimi nilivuta mche. Nilisoma mahali kwamba pumzi inapaswa kufika tumboni, basi nikaanza kuisukuma. Wiki mbili. Kifua kikabana, na nilikuwa nikimaliza kukaa naumwa kichwa kama niliyevaa kofia ya kubana. Mzee aliyekuwa akitufundisha aliniuliza swali moja: "Unapumua, au unapiga bomba?" Aliniamuru nisikae kwa siku kumi, nitembee tu jioni, na nikirudi nisiiguse pumzi. Niliporudi, pumzi ilishuka yenyewe siku ya nne au ya tano, na nilijua imeshuka kwa kuwa niligundua kwamba nilikuwa sijaifikiria.

Kuna mtu aliyeyapitia haya na kuyaandika kwa lugha nyepesi kuliko wote ninaowajua. Jiang Weiqiao alizaliwa mwaka 1873 katika jimbo la Jiangsu. Tangu utotoni alikuwa mgonjwa mgonjwa, na baba yake aliwahi kumwonyesha, katika kitabu cha tiba, sehemu inayoeleza mzunguko wa chi mwilini. Akawa anakaa akiugua, anaacha akipata nafuu, kama tunavyofanya wengi na dawa. Mwaka 1900 alikuwa na kifua kikuu, akitema damu. Hapo akaamua kweli. Alijitenga kwenye chumba chake ndani ya nyumba, akawa anaamka kabla ya jua na kukaa, mchana anatembea, na kurudia kukaa mara kadhaa kwa siku.

Angalieni mwanzo wake. Anasema alipojaribu kuyafukuza mawazo, yalizidi kumjia. Alipojaribu kuitengeneza pumzi, kifua kilikuwa kama kimezibwa. Alikaribia kuacha. Mzee mmoja aliyeijua njia hii akamwambia kwamba kosa lake ni kukaza sana. Aliache jambo lijiendee lenyewe, akitembea, akikaa, hata akilala. Alipolegea, pumzi ikafunguka. Baada ya wiki kadhaa akahisi joto chini ya kitovu, kisha mtetemo. Hakulifuata wala hakulizuia. Mtetemo ulidumu siku kadhaa. Hatimaye, karibu siku ya 85 tangu aanze, joto lile lilipenya kwenye mfupa wa mkia, likapanda mgongoni mpaka utosini, na baadaye likawa linashuka kwa mbele, usoni na kifuani, kurudi tumboni. Huo ndio mzunguko mdogo unaosimuliwa kwa maneno makubwa. Yeye aliusimulia kama mtu anayesimulia homa. Mwaka 1914 alichapisha maelezo yake bila joka wala simbamarara. Alisema tu kwamba uzito wa mwili unashushwa kutoka kifuani kuja tumboni. Aliishi hadi 1958.

Zingatieni mambo mawili kabla hamjakimbilia nyumbani. Kwanza, siku 85 hazikuwa za dakika 15. Mtu huyu alikaa saa kadhaa kila siku, alipumzika, na alikuwa na chumba cha peke yake, kitu ambacho sijui wangapi hapa wanacho. Pili, huyu ni mtu mmoja, na zama hizo dawa ya kifua kikuu haikuwapo. Leo ipo. Mwenye kikohozi cha wiki mbili aende zahanati akapime makohozi, alkemia itamsubiri.

Makosa sasa, na namna ya kuyatambua.

Kosa la kawaida ni usingizi. Unateremsha mazingatio, dakika tano, kichwa kinainama. Wengine wanaudhani huo ndio utulivu. Kipimo chake ni rahisi: ukitoka kwenye utulivu unakuwa mwepesi na macho maangavu, ukitoka kwenye usingizi wa kukaa unakuwa mzito na mdomo mchungu. Dawa ni kufungua macho, kutazama mbele kidogo, kuunyoosha mgongo. Na ikirudi siku tatu mfululizo, basi una deni la usingizi, nenda ukalale kitandani. Jing haiongezeki kwa mtu asiyelala.

Kosa la pili ni kupandisha mvuke kwa nguvu. Mtu amesoma habari za mgongo na utosi, siku ya tatu anaanza kulichora joto kwa mawazo, analipandisha kutoka mkiani hadi kichwani. Anachopandisha ni moto, maana moto ni mazingatio, na chungu bado ni baridi. Dalili zake ni kichwa kuuma au kubana, masikio kuvuma, uso kuwaka, hasira za karibu, usingizi kukatika. Hapo unaacha kukaa. Unatembea, unakula chakula cha kawaida, unaweka mazingatio kwenye nyayo, unashika jembe au ufagio. Ukirudi, unarudi na dakika chache.

La tatu ni zito. Ukikaa sana utaona vitu: mwanga, sura, sauti, mwili kuwa mkubwa kama nyumba au mwepesi kama pamba. Kanuni ya Watao ni moja, havikuhusu. Usivifuate, usivifukuze, usimsimulie kila mtu. Anayevifuata wanamwita mtu ambaye moto wake umetoroka na pepo wameingia. Si lugha ya kale tu. China ya miaka ya 1980 ilikuwa na wimbi kubwa la watu wanaofanya mazoezi ya chi, na hospitali zilipokea waliochanganyikiwa akili kiasi kwamba hali hiyo iliingizwa kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa nchi ile. Mwaka 1994 hata mwongozo wa madaktari wa Marekani uliitaja. Kwa hiyo mwenye historia ya kusikia sauti au ya kuchanganyikiwa, na mwenye kifafa, huyu asikae peke yake na mafunzo ya aina hii. Na kina mama: waalimu wa njia ya wanawake, ambao kumbukumbu zao zinarudi kwa Sun Bu'er wa karne ya 12, huanzia kifuani, katikati ya matiti, si tumboni. Siku za hedhi na wakati wa ujauzito mazingatio hayawekwi tumbo la chini.

Kuna aliyeniuliza mlangoni kama hii ni ibada. Kwa watawa wa Baiyunguan ni sehemu ya dini yao, na sitawaficha hilo: wana sanamu, wana sala, wana mavazi. Kukaa kimya na kushusha pumzi kunaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye dini yake. Lakini ile safari ya shen kurudi kwenye utupu ni imani yao kuhusu ulimwengu ulivyo, na haiwezi kubanduliwa kama maganda ya chungwa. Kila mmoja apime na moyo wake.

Na utupu wenyewe? Nitasema kidogo tu. Katika maandishi ya Zhuangzi kuna mwanafunzi aitwaye Yan Hui anayemwendea mwalimu wake mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili anasema amesahau hiki na kile, na mwalimu anamwambia vizuri, bado. Mara ya tatu anasema, nimekaa nikasahau. Mwili umeanguka, werevu umeondoka, nimekuwa kitu kimoja na njia kuu. Hapo mwalimu anashtuka na kuomba awe mwanafunzi wake. Kwa anayeanza, jambo la kuchukua hapo ni kwamba hata tumbo na pumzi na joto, mwishowe, vinasahauliwa. Chungu kinachotazamwa sana hakiivi, na kuna wakati hata mpishi inabidi atoke jikoni. Ila Yan Hui hakusahau yote mwanzoni. Alisahau yote mara ya tatu.

Nimebakiwa na swali la mama aliyekaa pale nyuma, alilolileta kwa kikaratasi: "Nina mtoto mchanga, je, akilia katikati?"

Mama, unainuka. Lakini usiinuke ghafla, kwa maana moto uliokuwa chini utaruka juu, na utambeba mtoto ukiwa na kizunguzungu. Meza mate mara tatu, uyafuate kwa mazingatio mpaka chini ya kitovu, kama unayafunika na kifuniko. Sugua viganja mpaka vipate joto, vipitishe usoni, halafu viunoni. Fungua macho kabisa. Yote haya hayazidi nusu dakika. Kisha nenda ukamnyonyeshe, na ukimnyonyesha usiwaze kwamba umekatizwa.